Ng'ombe aanguka na kutapatapa malishoni

SWALI: Daktari, mvua iliponyesha niliweka mbolea ya naitrojeni kwenye malisho. Ng'ombe wangu aliyezaa mwezi uliopita alianza kutikisa masikio na kuyumba, kisha akaanguka akipiga mateke na kutoa povu. Alikufa kabla hajatibiwa. Ni nini?
Mfugaji, Kinangop

JIBU: Pole sana. Dalili hizo ni za upungufu wa magnesiamu. Majani machanga yanayokua haraka huwa na madini hayo kidogo, na potasiamu nyingi iliyomo huzuia tumbo kuyafyonza. Ng'ombe hana akiba anayoweza kuitumia upesi, na anayekamuliwa huyapoteza kila siku kupitia maziwa.

Usiichanganye hali hii na homa ya maziwa: huko ng'ombe hulala ametulia, masikio baridi, shingo ameigeuzia ubavuni. Mwenye upungufu wa magnesiamu hushtuka hata kwa kuguswa.

Ikitokea tena, mpigie daktari wa mifugo papo hapo. Waondoe watu na mbwa, kwa kuwa kelele huleta degedege jingine. Usimnyweshe chochote, kitaingia mapafuni. Daktari atampa dripu ya kalisi na magnesiamu polepole akisikiliza moyo, kisha magnesiamu salfeti chini ya ngozi. Usiidunge mwenyewe mshipani, inaweza kusimamisha moyo.

Waliobaki wape nyasi kavu kabla ya kuwatoa malishoni, na gramu 60 za magnesiamu oksaidi kwa kila ng'ombe kila siku, zikichanganywa na pumba na molasi kwani ni chungu. Ukiacha, kinga huisha baada ya siku chache.