Somo la Sayansi: Kusoma Mchoro wa Mzunguko wa Maji, Neno kwa Neno

Picha iliyo kando ya somo hili ilipigwa kwa simu kutoka kitabu cha sayansi cha shule ya msingi, ili mwanafunzi aitumie kufanya kazi ya nyumbani. Upande wa kulia kuna bahari na jua, katikati kuna wingu, na kushoto kuna mlima wenye miti na mto. Mishale inazunguka kati yake, kila mmoja ukiwa na neno lake. Ukingo wa chini wa picha umekatika, na neno lililokatwa ndilo linalowagusa zaidi wakazi wa Taita Taveta. Mwanafunzi aanzie baharini, kisha afuate mishale.

1. Mvukizo
Mshale huu unapanda kutoka baharini. Jua linapopasha maji joto, chembe ndogo sana huachana nayo na kupanda hewani zikiwa mvuke, ambao hauonekani kwa macho. Maji hayahitaji kuchemka ili yavukize, ndiyo maana nguo zilizoanikwa hukauka.

Watoto wengi huuliza kwa nini mvua haina chumvi ilhali maji yalitoka baharini. Mwanafunzi akoroge kijiko cha chumvi katika maji kidogo, ayamimine kwenye sahani na kuiacha juani. Maji yataondoka na chumvi itabaki. Bahari nayo hubaki na chumvi yake.

Mshale mwembamba unaopanda kutoka kwenye miti ni jambo lilo hilo: mti hunywa maji kwa mizizi na kuyatoa kama mvuke kupitia majani.

2. Mtonesho
Neno hili limeandikwa kando ya wingu, na hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea kwa kujibu kwamba wingu ni mvuke. Wingu ni matone madogo mno ya maji yanayoelea. Mvuke ukipoa, hugeuka matone, kama yale yanayojitokeza nje ya chupa ya maji baridi.

Kwa nini unapoa? Kwa sababu kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo baridi inavyoongezeka, kwa wastani takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Mji wa Voi uko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Vuria kinapita mita 2,200. Tofauti ni mita 1,600, yaani karibu nyuzi 10. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari Hindi ukifika kwenye Milima ya Taita hulazimika kupanda na kupoa. Ndiyo sababu Vuria huweza kufunikwa na ukungu huku Voi jua likiwaka.

3. Mvua
Matone yanapogongana huungana, yakawa mazito, yakaanguka.

4. Mtiririko
Mshale huu unashuka mlimani hadi mtoni. Mvua ikinyesha kwenye ardhi tupu, maji mengi hukimbia juu juu yakibeba udongo, na mto huwa mwekundu. Mvua hiyo hiyo ikinyesha msituni, majani yaliyooza na mizizi huyapunguza mwendo, yakapata muda wa kuzama.

5. Neno lililokatika: maji ya ardhini
Chini ya mlima kuna mshale unaoingia ardhini. Mfano bora uko kwenye Vilima vya Chyulu. Vilima hivyo ni vya volkano na mawe yake yana vitundu vingi, kwa hiyo maji ya mvua huzama, na hakuna mto wa kudumu unaotiririka juu yake. Maji hayo husafiri chini kwa chini na kuibuka yakiwa safi katika chemchemi za Mzima, ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi. Bomba hupeleka sehemu yake hadi Mombasa.

Mchoro una upungufu mmoja. Mishale yake inalingana, hivyo mtoto hudhani kila hatua huchukua muda sawa. Kwa wastani, mvuke hukaa hewani siku 9 hivi, lakini maji ya ardhini huweza kukaa miaka mingi. Chemchemi inaweza kuendelea kububujika wakati wa kiangazi kwa maji ya mvua za zamani. Vilevile, madhara ya kukata miti inakozama mvua huenda yasionekane mwaka huo huo, na yakionekana, mvua ya msimu mmoja haitoshi kuyarekebisha.

Zoezi
Mwanafunzi achore mduara wake. Kutoka Mzima, maji huingia Mto Tsavo, ambao hukutana na Athi na kuwa Galana. Galana huitwa Sabaki inapokaribia pwani, na humwaga maji baharini karibu na Malindi. Hapo aweke tena mshale wa kwanza: mvukizo.