Somo la Mbu kwa Simu Moja

Mjini Lubumbashi umeme hutoka katika mabwawa ya mito ya Lufira na Lualaba, na tangu miaka ya 1980 pia kwa njia ndefu ya nyaya iletayo umeme wa Inga hadi Kolwezi. Lakini migodi ya shaba hula umeme mwingi, na mitaa ya watu hukatiwa kwa zamu. Watu huita jambo hilo delestaji. Basi mwalimu wa mtaani hawezi kujua kama umeme utakuwapo saa ya somo lake. Tena mara nyingi darasa zima lina simu moja tu, nayo ni ya mwalimu mwenyewe.

Mwalimu wa namna hiyo yampasa kwanza kujiuliza swali moja: ni kitu gani ambacho ubao na uwanja wa shule haviwezi kuonyesha? Kitu hicho tu ndicho kiwekwe katika simu. Uchukuliwe mfano wa darasa la tano lenye wanafunzi 54, majira ya mvua, nao wanajifunza maisha ya mbu.

1. Kilicho cha chupa na kilicho cha simu

Viluwiluwi vya mbu havihitaji simu. Viko katika kopo lililosahauliwa nyuma ya nyumba, na mtoto akiviona vikiogelea katika chupa huvielewa kuliko katika picha. Lakini saa ile mbu anapotoka majini na kupata mabawa, darasa haliwezi kuingoja. Mara nyingi hutokea jioni au usiku, nayo hupita kwa dakika chache. Hiyo ndiyo kazi ya simu.

2. Matayarisho ya nyumbani

Siku chache kabla ya somo, mwalimu huteka viluwiluwi pamoja na maji yake, akavigawa katika chupa sita nyeupe. Kila chupa hufungwa mdomo kwa kipande cha chandarua na kamba, ili mbu wasitoke wakauma watoto. Hilo lisisahauliwe hata siku moja.

Baada ya siku kadhaa baadhi ya viluwiluwi hujikunja kama alama ya mkato. Hatua hii huitwa pupa. Mdudu hali tena, lakini bado hupanda juu kuvuta hewa. Mwalimu humtia pupa katika glasi ndogo, akaegemeza simu juu ya vitabu ili isitikisike, na kuweka kurunzi kando, si mbele. Kisha hungoja dalili: pupa hutulia juu ya maji, rangi yake huwa nyeusi zaidi, na mwili wake uliojikunja hunyooka. Ndipo aanze kupiga filamu, kwa maana punde ngozi ya mgongoni itapasuka, na mbu atajivuta nje na kusimama juu ya ganda lake.

Kosa la kawaida ni simu kushika kioo cha glasi, na mbu akaonekana kama ukungu. Kwa hiyo jaribio fupi lifanywe kwanza, likatazamwe. Filamu ikiisha kupigwa, hukatwa ibaki dakika moja na nusu, yenye mambo matatu tu: pupa kutulia, ngozi kupasuka, mbu kusimama.

3. Hesabu ya umeme

Somo hili hutumia kioo cha simu kwa dakika 24 tu. Simu yenye betri nzima itamaliza kazi hiyo bila shida, hata iliyojaa nusu. Hata hivyo mwalimu huichaji usiku wowote umeme unaporudi, wala hangoji asubuhi ya somo. Akiwa na betri ya akiba ya kuchukua mfukoni, asidanganyike na namba iliyoandikwa juu yake. Betri ya 10,000 haijazi mara mbili simu ya 5,000, kwa maana nguvu nyingine hupotea njiani kwa joto. Ahesabu kujaza mara moja na kitu kidogo. Betri iliyovimba isitumike kamwe.

Kabla ya kuingia darasani huweka simu katika Mode avion, ili mtu asipige simu katikati ya filamu, tena hupunguza mwanga wa kioo. Ili kioo chenye mwanga mdogo kionekane mchana, simu huwekwa ndani ya sanduku la karatasi ngumu lililo wazi upande mmoja, na ndani lipakwe makaa.

4. Mwendo wa somo: dakika 45

Dakika 10 za kwanza ni za ubao na chupa. Ubaoni pamekwisha kuchorwa hatua nne: yai, kiluwiluwi, pupa, mbu. Wanafunzi hugawanywa katika makundi sita ya watu tisa, na kila kundi hupewa chupa moja.

Dakika 24 zinazofuata, kila kundi huja kwenye sanduku kwa dakika nne. Wanne hukaa chini, watano husimama nyuma yao. Hutazama filamu mara mbili, kisha hujibu swali moja: ngozi ilipasuka upande gani? Makundi mengine yanatazama chupa zao. Hugonga kioo kwa kidole, huona viluwiluwi vikizama, na kuhesabu mpaka cha kwanza kirudi juu kuvuta hewa. Tena hutazama jinsi vinavyokaa: vya anofelesi, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji, vya mbu wengi wengine huning'inia kichwa chini.

Dakika 11 za mwisho kila mwanafunzi huchora hatua nne bila kutazama ubao, ubao ukiwa umefutwa. Anayemchora mbu akitoka moja kwa moja katika kiluwiluwi hakuielewa filamu, naye ataitazama tena siku ya pili. Mwishoni mwalimu hudondosha mafuta kidogo katika kila chupa. Mafuta hufunika maji, viluwiluwi hukosa hewa, na kesho yake darasa litaona vimekufa. Hapo watoto huelewa kwa nini kopo lenye maji nyumbani yafaa limwagwe kila wiki. Hata hivyo waambiwe wazi kwamba anofelesi huzaa pia katika madimbwi na mabwawa ambayo hakuna awezaye kuyamwaga. Kwa hiyo chandarua cha kulalia hakiachwi.

5. Simu ikizimika

Tuseme kundi la tatu limekwisha tazama, na simu ikazimika. Somo halikatiki. Kila kundi lililoona humtuma shahidi mmoja kwenda katika kundi lisiloona. Shahidi hueleza mambo matatu kwa utaratibu, akionyesha pupa katika chupa na picha ya ubaoni, na kundi humwuliza swali lile la ngozi. Asipojua, huitwa shahidi wa pili. Siku nyingine, simu ikipata moto tena, makundi hayo matatu huitazama filamu ili kupima kama shahidi alisema kweli.

Maswali

1. Kwa nini viluwiluwi vionyeshwe katika chupa, na kutoka kwa mbu kuonyeshwe katika simu?
2. Ni dalili gani zinazoonyesha kwamba pupa yu karibu kupasuka?
3. Betri ya akiba ya 10,000 hujaza simu ya 5,000 mara ngapi, na kwa nini?
4. Shahidi hufanya kazi gani simu inapozimika?