Vidonge vya siku ya tatu: kichefuchefu baada ya tibakemikali

Mgonjwa wa saratani anayetoka Tarakea kwenda Moshi kupata tibakemikali mara nyingi hatapiki hospitalini. Hutapika nyumbani, siku ya pili au ya tatu, gari likiwa limeshapita Himo, Marangu Mtoni na Mkuu, na muuguzi aliyemfungia dripu yuko mbali. Kwa hiyo anayeamua kama mgonjwa huyo atakula au atashinda ameinamia beseni ni binti, mume au mkwe anayeshika mfuko wa vidonge.

Kabla Kituo cha Saratani cha KCMC hakijafunguliwa mwaka 2016, wagonjwa wengi wa Kaskazini walikuwa wakisafiri hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Sasa mtu wa Rombo anaweza kupata dripu Moshi na kurudi kwake. Ni nafuu kubwa, lakini sehemu ya kazi ya wodini imehamia chumbani kwa mgonjwa, na familia inastahili kufundishwa kazi hiyo.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 52 mwenye saratani ya titi. Amepangiwa dawa mbili kwa pamoja, doksorubisini na siklofosfamaidi, kila baada ya siku 21. Doksorubisini ni ile dawa nyekundu ambayo wagonjwa huitambua kwa rangi tu, na mkojo unaweza kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili baada yake. Huko si kutokwa damu. Mchanganyiko huu umo katika kundi la dawa zinazotapisha zaidi: bila kinga, wagonjwa zaidi ya 90 kati ya 100 hutapika. Kinamama waliosumbuliwa sana na kichefuchefu cha ujauzito, na watu wanaotapika safarini, wako katika hatari kubwa zaidi. Jambo hilo aambiwe daktari kabla ya dripu ya kwanza, hata kama hakuuliza.

Kutapika huku huja kwa mawimbi mawili, na kila wimbi lina chanzo chake. La kwanza huja ndani ya saa 24. Dawa ya saratani huchokoza chembechembe za ukuta wa utumbo, nazo hutoa kemikali iitwayo serotonini, ambayo hupeleka taarifa kwenye ubongo kupitia mishipa ya fahamu. Wimbi la pili huanza baada ya saa hizo 24 na linaweza kuendelea hadi siku ya tano. Hilo hutawaliwa zaidi na kemikali nyingine inayofanya kazi ndani ya ubongo wenyewe. Ndiyo sababu sindano iliyomtuliza mama siku ya dripu, tuseme Jumatano, haiwezi kumlinda Ijumaa. Imeshamaliza kazi yake, na adui wa Ijumaa ni mwingine.

Ratiba ya mama huyu inaweza kuwa hivi. Jumatano, yapata nusu saa hadi saa moja kabla ya dripu, anapewa ondansetroni ya kuzuia wimbi la kwanza pamoja na deksamethasoni miligramu 12. Usiku anameza olanzapini miligramu 5. Alhamisi na Ijumaa anameza deksamethasoni miligramu 8 asubuhi baada ya kula. Olanzapini anaendelea nayo kila usiku hadi Jumamosi. Katika mfuko wake kuna pia vidonge vichache vya ondansetroni vya miligramu 8, vya kutumia pale tu kichefuchefu kikipenya kinga, kimoja kila baada ya saa nane. Hospitali zenye aprepitanti huiongeza kwa siku tatu za mwanzo, na ikiongezwa, kipimo cha deksamethasoni hupangwa upya kwa sababu aprepitanti huifanya ikae mwilini kwa wingi zaidi. Kwa hiyo karatasi ya mgonjwa mmoja isitumiwe na mwingine, hata kama saratani ni ileile. Karatasi ya kufuata ni ile iliyoandikwa jina lako.

Mambo huharibika wapi? Mara nyingi huharibika Alhamisi usiku.

Mama amelala vizuri Jumatano, amekunywa uji asubuhi, amezungumza na majirani. Jioni binti anamletea maji na kidonge. "Mwanangu, nimepona kichefuchefu, dawa ya nini tena?" Kidonge kinabaki mezani. Ijumaa mchana mate yanaanza kumjaa mdomoni, jioni anatapika, na sasa hata kidonge chenyewe hakikai tumboni. Dawa hizi huzuia kwa urahisi zaidi kuliko zinavyozima. Mgonjwa anayejisikia mzima siku ya pili yuko hivyo kwa sababu ya vidonge, naye humeza kwa kufuata saa bila kungoja dalili.

Kikwazo kingine ni olanzapini yenyewe. Karatasi iliyomo kwenye boksi inasema ni dawa ya magonjwa ya akili, na mtu akiisoma kwa sauti sebuleni, familia inaweza kudhani duka la dawa limekosea au daktari amemwona mama amechanganyikiwa. Hakuna kosa. Dawa hiyo hufunga milango kadhaa ya kichefuchefu kwenye ubongo kwa wakati mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wagonjwa 380 waliopata dawa zinazotapisha sana, na wote walipewa kinga ya kawaida. Katika walioongezewa olanzapini, 74 kati ya 100 hawakuhisi kichefuchefu chochote siku ya kwanza. Katika wasioongezewa, walikuwa 45. Kwa siku zote tano walikuwa 37 dhidi ya 22. Namba za mwisho zinaonyesha pia ukweli ambao familia isifichwe: hata kinga nzuri haimalizi kichefuchefu kwa kila mtu, ingawa kutapika huzuilika zaidi.

Utafiti huo ulitumia miligramu 10, kipimo kinachosinzisha sana. Tafiti za baadaye kutoka Japani na India zimewapa madaktari sababu ya kutumia kipimo kidogo zaidi. Hata hivyo usingizi upo, na ndiyo maana kidonge humezwa usiku. Katika nyumba ambayo choo kiko nje, mgonjwa asitoke peke yake gizani usiku huo. Aketi kwanza kitandani, asimame taratibu, na mtu amshike mkono. Akisinzia mchana kutwa, daktari aambiwe ili apunguze kipimo. Familia isikate kidonge kwa uamuzi wake.

Deksamethasoni kwa upande wake hufukuza usingizi, ndiyo maana ni ya asubuhi. Pia hupandisha sukari. Mwenye kisukari aulize mapema namna ya kupima na kurekebisha dawa zake katika siku hizo.

Plasili, yaani metoklopramidi, inajulikana karibu katika kila duka la dawa, na mtu anayetapika huuziwa haraka. Mgonjwa aliye kwenye olanzapini asiongezewe bila ruhusa ya daktari wake, kwa sababu zote mbili hugusa sehemu ileile ya ubongo. Dalili za madhara ni shingo kujipinda, macho kukwama juu, taya kukaza au mtu kushindwa kutulia. Zikitokea, apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo na boksi za dawa zote.

Akitapika baada ya kumeza kidonge, tazameni saa. Ikiwa ni ndani ya nusu saa, au kidonge kinaonekana kizima kwenye matapishi, kwa kawaida hurudiwa, lakini pigeni kwanza simu iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Ikiwa muda mrefu umepita, kisirudiwe. Subirini zamu inayofuata.

Kuna kutapika ambako hakutoki kwenye tibakemikali moja kwa moja. Ondansetroni hufunga choo. Mgonjwa aliyeimeza siku kadhaa, ambaye hajapata choo kwa siku tatu na tumbo limejaa, anaweza kutapika kwa sababu hiyo, na akiongezewa ondansetroni hali huzidi. Kutapika kunakoanza baada ya siku ya tano nako kutafutiwe sababu nyingine, malaria ikiwamo.

Chakula kina somo lake. Ubongo hukumbuka kilicholiwa karibu na kichefuchefu na kukikataa baadaye. Familia nyingi, kwa upendo, humpikia mgonjwa mtori mzito mara anaposhuka garini. Akiutapika, anaweza kuuchukia kwa miezi. Siku tatu za mwanzo mpeni vitu vya kawaida asivyovipenda sana wala kuvichukia: uji mwepesi, ndizi za kuchemsha, wali kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu. Chakula kilichopoa kina harufu kidogo kuliko cha moto, na jiko la kuni liwe mbali na chumba chake. Akitapika, apumzishe tumbo kidogo kisha aanze na vijiko vya maji ya chumvichumvi ya pakiti. Pakiti ikikosekana, chemsheni maji, yapoe, pimeni lita 1, tieni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote visawazishwe juu.

Anayesafisha naye ajilinde. Kwa saa 48 baada ya dripu, mkojo, choo na matapishi huweza kuwa na mabaki ya dawa. Avae glovu, amwage chooni, aoshe beseni kwa sabuni, na nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Mjamzito asipewe kazi hiyo.

Msingoje kliniki ijayo mgonjwa akishindwa kubakisha maji tumboni kwa saa 24, mkojo ukiwa mchache na mweusi, matapishi yakiwa na damu au yanayofanana na kahawa, au akichanganyikiwa. Joto la nyuzi 38 au zaidi ni dharura kwa mgonjwa wa tibakemikali hata kama hatapiki, kwa maana huenda kinga ya mwili imeshuka. Mpelekeni Hospitali ya Huruma au kituo kilicho karibu usiku huohuo, na mseme kwanza kabisa kwamba anapata tibakemikali na lini alipata dripu ya mwisho.

Mengine yote andikeni kwenye daftari: siku, saa ya kila kidonge, ametapika mara ngapi, kichefuchefu ni kiasi gani kuanzia 0 hadi 10, amepata choo lini. Mzunguko wa kwanza ukienda vibaya, baadhi ya wagonjwa huanza kutapika katika mizunguko ya mbele kwa kunusa tu harufu ya hospitali, kabla ya sindano, na kutapika kwa namna hiyo hakusikii ondansetroni. Pelekeni daftari hilo kliniki na mdaini daktari alisome kabla dripu ya pili haijafungwa, kwa sababu wakati huo ndipo ratiba inapoweza kubadilishwa.