Tafakari ya Ramadhani, siku ya 16: Utani wetu kwa vijana wetu

 

Kuna kijana wa miaka kumi na minne hapa Kibaha aliyekuwa akituadhinia Magharibi. Ghafla akaacha. Msikitini anakuja, lakini anakaa safu ya nyuma na kipaza sauti hakisogelei. Nikamuuliza baba yake kulikoni. Akasema, "Sheikh, hata mimi sijui. Labda ujana tu."

Tulipokaa vizuri, mambo yakajitokeza. Jioni moja walikuwa kwenye mkeka wa futari na majirani. Kijana yuko kwenye balehe, sauti inavunjika, ile adhana ilipanda ikashuka. Baba akasema kwa kucheka, "Leo kaadhini mwanangu au kachinjwa mbuzi?" Watu wote wakacheka. Kijana naye akacheka. Kesho yake hakuadhini tena.

Baba akajitetea kwa neno zuri. "Mbona bibi yake kule Kisarawe anamtania makubwa kuliko hayo, na wanacheka mpaka machozi?"

Ni kweli, na jibu limo humo humo. Bibi anamwita, "Mume wangu mvivu, maji hujachota!" Mjukuu anajibu, "Bibi, ukinisumbua naoa mke wa pili." Utani wa bibi na mjukuu una ruhusa ya kurudisha. Anayetaniwa ana zamu yake. Lakini baba akikutania mbele ya watu, utamjibu nini? Ukirudisha, umekosa adabu. Ukinyamaza, umekubali. Kwa hiyo kijana anacheka tu, kwa sababu hana pa kutokea.

Jambo la pili: bibi anatania uvivu wa kuchota maji, kitu ambacho kijana akitaka leo anakibadilisha. Baba alitania sauti. Sauti ya balehe, chunusi, urefu, rangi, unene, mguu mkubwa, hivyo hakuvichagua na hawezi kuvibadilisha. Na umri huu tayari anajiangalia kwenye kioo mara kumi kwa siku.

Tumwangalie Mtume wetu ﷺ. Alikuwa na rafiki wa jangwani, Zahir, radhi za Allah ziwe juu yake, ambaye hakuwa mzuri wa sura. Anas amesimulia kwamba siku moja Mtume ﷺ alimkuta sokoni anauza bidhaa zake, akamkumbatia kwa nyuma. Zahir alipomtambua akazidi kujiegemeza kifuani pake. Mtume ﷺ akawa ananadi: nani atamnunua mtumwa huyu? Zahir akajibu kwamba akiuzwa yeye, bei itadoda. Hapo Mtume ﷺ akamwambia kuwa mbele ya Allah yeye si wa bei rahisi.

Angalieni mpangilio wake. Utani ulianza na kumbatio. Neno lenyewe ni la kweli, maana sote ni watumwa wa Allah. Sura ya Zahir haikuguswa kabisa. Zahir alipata nafasi ya kujibu, na alipojishusha mwenyewe, Mtume ﷺ aliacha mzaha palepale akampandisha. Sisi mtoto akisema "mimi ndiyo mbaya hivyo", tunacheka zaidi!

Utajuaje kama utani wako umeumiza? Usitazame kicheko, kicheko kinadanganya. Tazama siku mbili tatu baadaye. Je, ameacha kile ulichokitania? Uliyemtania kwa kula sana, anachelewa kuja mezani? Je, wageni wakija anajitania mwenyewe kabla hujafungua mdomo? Huyo anajikinga. Na ukijikuta unasema "natania tu, mbona unanuna", ujue umeshavuka.

Baba yule alifanya hivi. Alimwita mwanawe faragha akasema, "Nilikosea kukutania sauti. Hata mimi ilinivunjika hivyo hivyo." Hakuongeza "lakini na wewe". Kisha futari iliyofuata, mbele ya majirani wale wale, akasema, "Mwanangu ndiye aliyekuwa akituadhinia, na mimi nikaharibu kwa mdomo wangu." Kilichovunjwa hadharani kilirekebishwa hadharani, ila kwa ufupi, ili kijana asiaibike mara ya pili. Kijana hakurudi siku ile. Siku ya nne alikimu Ishaa kwa sauti ndogo. Adhana bado, tunasubiri, hatumsukumi.

Allah katika Suratul Hujurat, aya ya 11, ametukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Hakumtoa mtoto wako katika katazo hilo.

Basi leo kabla ya futari, kila mzazi akumbuke jina moja la utani analomwita mwanawe, amuulize wakiwa wawili tu: "Hili jina unalipenda?" Akichelewa kujibu, liache.

Allah azilinde ndimi zetu na azikubali swaumu zetu. Amin.