Betri ya Sola Haifiki Asubuhi? Pima Kwanza, Ununue Baadaye

Mteja akinipigia simu kwamba betri yake haimalizi usiku, huwa ameshaamua: betri imekufa, anachotaka ni bei ya mpya. Namwomba avute subira kidogo, kwa sababu betri mpya ikifungwa kwenye paneli ileile iliyoiua ya kwanza, itakufa vilevile, na betri ndicho kitu cha gharama kubwa katika mfumo mzima. Nitaeleza ninavyopima, kwa kutumia nyumba moja ya mzee niliyemhudumia Manyoni, mkoani Singida.

Mzee alikuwa na paneli ya wati 80, chaji kontrola ya ampea 10, betri kavu ya volti 12 yenye ampea-saa 100, na inveta ndogo ya kuwashia televisheni na king'amuzi. Mwaka wa kwanza alikuwa na taa na simu tu, mambo yakaenda vizuri. Televisheni ilikuja baadaye, na paneli ikabaki ileile. Nilipofika, umeme ulikuwa unakatika kila siku kwenye saa nne usiku.

Kifaa cha kwanza ninachotoa ni multimita, na saa ya kupima ni muhimu kuliko kifaa chenyewe. Vipimo vitatu vinatosha, vyote kwenye vichwa vya betri.

Cha kwanza ni alasiri, kwenye saa tisa, jua likiwa safi na vyombo vimezimwa. Betri inayochajiwa vizuri inapaswa kuwa imeshapanda hadi karibu volti 14.4, au imeshafika huko na kontrola imeishusha hadi 13.7 hivi kuitunza ikiwa imejaa. Cha pili ni jioni, jua likishazama, vyombo vyote vikiwa vimezimwa kwa muda wa saa nzima ili betri itulie. Volti 12.7 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu, na 11.8 ni tupu. Cha tatu ni asubuhi, kabla jua halijapiga paneli.

Kwa mzee, alasiri nilisoma 13.0, na jioni betri ilipotulia nikapata 12.2. Maana yake betri ilikuwa inauanza usiku ikiwa nusu. Hata ingekuwa imetoka dukani wiki hiyo, isingeendelea kumfikisha alfajiri kwa muda mrefu.

Vipimo hivi hutoa dalili tofauti, na hapo ndipo fundi anapojua ashike wapi. Volti zisipofika 14.4 siku nzima ya jua, chaji inayoingia ni ndogo: paneli haitoshi, imejaa vumbi, au tawi la mti linaitia kivuli. Zikifika 14.4 mapema mno, kwenye saa tatu asubuhi, kisha usiku betri ikaanguka haraka, seli zimechoka. Nafasi ya kuweka umeme imepungua, ndiyo maana inajaa upesi na kuisha upesi. Na zikipanda hadi 13.8 tu halafu chaji ikapungua huku betri haijajaa, tazama mipangilio ya kontrola.

Baada ya hapo nilikaa na mzee tukapiga hesabu. Televisheni na king'amuzi, pamoja na kile inveta inachokula yenyewe, vilivuta wati 45. Alitaka muda wa saa tano, hiyo ni wati-saa 225. Taa nne za wati 5 kwa muda huohuo, 100. Taa ya nje ya wati 5 inayokesha, 60. Simu tatu, kama 45. Jumla 430, ukigawa kwa volti 12 unapata karibu ampea-saa 36 kila siku.

Upande wa paneli, ya wati 80 inatoa kama ampea 4.4 jua likiwa kali. Kwa Singida nahesabu muda wa saa tano za jua lenye nguvu kamili kwa siku. Hiyo ni ampea-saa 22, na ukiondoa moja ya tano inayopotea njiani na ndani ya betri, zinabaki kama 18. Matumizi 36, mapato 18.

"Kwa hiyo fundi, betri haina kosa?" mzee akaniuliza.

"Mzee wangu, betri imekuwa inalala na njaa kila siku. Sasa nayo imeumia."

Imeumia vipi? Betri ya risasi na asidi ikikaa muda mrefu bila kujaa, fuwele za salfeti hujijenga kwenye sahani zake na kuwa ngumu. Sehemu hiyo ya sahani haifanyi kazi tena. Ndiyo maana paneli ndogo na betri chakavu huonekana pamoja, na ndiyo maana naanza na paneli.

Tuliongeza paneli ya wati 120 sambamba na ile ya zamani, zote za aina ya volti 18. Hapo kuwa mwangalifu. Watu wengi siku hizi wanauziwa paneli kubwa ya wati 250 au 300 yenye volti 30 na zaidi, wakaifunga kwenye kontrola ya kawaida ya PWM na betri ya volti 12. Kontrola hiyo haibadilishi volti za ziada kuwa ampea. Inapitisha ampea 8 au 9 tu, na zaidi ya nusu ya paneli uliyolipia inapotea. Paneli ya namna hiyo inataka kontrola ya MPPT. Paneli zetu mbili zilitoa ampea 11, kwa hiyo kontrola ya ampea 10 ikatoka, ikaingia ya 20. Wakati wa kubadilisha, chomoa waya za paneli kwanza, betri mwisho. Ukifunga, betri kwanza.

Kwenye mipangilio, kontrola nyingi zenye kioo hukuuliza aina ya betri kwa alama kama `b1`, `b2` na `b3`, lakini maana yake hutofautiana, kwa hiyo soma karatasi yake. Betri kavu ya kawaida inataka kufika 14.4, ya jeli kama 14.2, ya maji 14.6 hivi. Ukiona imewekwa kwenye lithiamu, rekebisha siku hiyohiyo. Kisha tazama volti ya kukata umeme. Wengi wanaiacha kwenye 10.7 iliyotoka nayo kiwandani. Hapo betri imeshakamuliwa kabisa. Mimi naiweka 11.6.

Lakini kwa mzee hilo peke yake lisingesaidia, kwa sababu inveta yake imefungwa moja kwa moja kwenye betri. Ndivyo inavyofungwa, maana tundu la kontrola haliwezi kubeba inveta, ila kontrola haina amri juu yake. Inveta inaendelea kunyonya mpaka karibu volti 10.5. Tulikubaliana kipimo kidogo cha volti kikae ukutani kando ya televisheni: kikisoma 11.8, televisheni inazimwa.

Betri yenyewe niliipima baada ya wiki kadhaa za kushiba. Ikiwa imejaa na paneli zimechomolewa, nilifunga taa ya gari ya wati 55, inayovuta karibu ampea 4.6, nikasubiri volti zishuke hadi 11.8 taa ikiwaka. Betri nzima ya ampea-saa 100 inapaswa kuvuka muda wa saa kumi. Ya mzee ilifika sita. Kwa matumizi yake inamvusha usiku wa kawaida kwa shida, ila masika, mawingu yakikaa siku mbili mfululizo, atalazimika kuacha televisheni. Nikamwambia aanze kuweka akiba ya betri nyingine, na hii ya zamani asiiunganishe sambamba na mpya, kwa sababu iliyochoka itaivuta nzima chini.