Saratani ya titi kwa mja mzito: Daktari huhesabu wiki kabla ya kuchagua dawa

Mwanamke anapokuwa mja mzito, matiti yake huvimba, huwa mazito na huanza kuwa na mabonge madogo madogo kwa sababu tezi za maziwa zinajitayarisha kwa kazi. Ndiyo maana uvimbe unaotokea wakati huo huwa na visingizio vingi. Mama mwenyewe husema ni maziwa. Shangazi husema ni maziwa. Hata kwenye kliniki, muuguzi mwenye foleni ya kina mama hamsini huenda akasema ni maziwa, na kadi ikapigwa muhuri.

Mara nyingi huwa wamesema kweli. Lakini saratani hutokea katika takriban mimba moja kwa kila mimba 1,000, na ile ya titi ni miongoni mwa zinazopatikana zaidi. Kwa hivyo, msomaji, shika kipimo hiki: uvimbe ambao haujatoweka baada ya wiki mbili unapaswa kuchunguzwa, iwe una mimba au huna. Ikiwa uliambiwa ni jipu na ukapewa dawa za kuua viini, kisha wiki mbili zikapita uvimbe ukiwa pale pale, usikubali kupewa dozi ya pili bila kupimwa.

Kupima kwenyewe hakumdhuru mtoto. Daktari huanza na skani ya titi, ile inayotumia mawimbi ya sauti na wala si mionzi. Uvimbe ukitiliwa shaka, ngozi hutiwa ganzi na sindano nene huchota vipande vidogo vya nyama vipelekwe maabara. Jambo moja husahaulika hapa: karatasi inayoandamana na nyama hiyo lazima iandikwe kwamba mgonjwa ni mja mzito. Mimba hubadilisha sura ya seli za titi, na mtaalamu wa maabara asiyeambiwa anaweza kupotoshwa na anachokiona kwenye darubini. Ukiweza, soma karatasi hiyo kabla haijaondoka.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 34, mimba yake ya pili, aliyegundua uvimbe wa ukubwa wa ndimu ndogo akiwa katika wiki ya 16. Majibu yanarudi wiki ya 18: ni saratani, na tezi moja ya kwapani imevimba. Swali la kwanza atakalouliza, na mumewe na mama mkwe pia, ni kama mimba itolewe ili yeye apone. Utafiti haujaonyesha kwamba kutoa mimba humfanya mgonjwa wa saratani ya titi aishi muda mrefu zaidi. Kinachomsaidia ni matibabu, na katika wiki ya 18 matibabu mengi yanawezekana mimba ikiwa ndani.

Kabla ya chochote, daktari wa uzazi atataka kuhakikisha kwamba wiki 18 ni 18 kweli. Hili si jambo dogo. Wiki za mimba huhesabiwa kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na kina mama wengi hawaikumbuki tarehe hiyo. Skani iliyofanywa katika miezi mitatu ya kwanza hukosea kwa siku chache tu, bali iliyofanywa karibu na kujifungua inaweza kukosea kwa wiki mbili au zaidi. Kama utakavyoona, kosa la wiki tatu laweza kuitupa dawa ndani ya wakati ambao haikupaswa kutolewa kabisa. Kwa maoni yangu, skani ya mapema ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote katika faili ya mgonjwa kama huyu.

Kisha hutafutwa kama saratani imesambaa. Kifua hupigwa eksirei huku tumbo likiwa limefunikwa, na ini huangaliwa kwa skani ya kawaida. Vipimo vyenye mionzi mingi, kama vile kuchunguza mifupa yote kwa dawa ya nyuklia, huahirishwa hadi mtoto azaliwe.

Mama wetu anafanyiwa upasuaji katika wiki ya 20. Upasuaji wa titi unaweza kufanywa wakati wowote wa mimba, kwa kuwa kisu hakikaribii mfuko wa uzazi na dawa za nusukaputi zinazotumika leo hazijulikani kusababisha ulemavu. Tangu wiki hiyo na kuendelea, mgonjwa hulazwa akiwa ameegemezwa kidogo upande wa kushoto. Akilala chali, uzito wa mimba hugandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, shinikizo la damu hushuka, na mtoto hupungukiwa na hewa.

Sasa tufike kwenye jambo linaloogopwa zaidi, yaani tibakemikali, zile dawa kali zinazotiliwa mshipani. Dawa hizi huua seli zinazogawanyika upesi, na hakuna mahali seli hugawanyika upesi kama ndani ya kijusi. Katika wiki 12 za kwanza ndipo moyo, mikono, miguu na viungo vingine vinapoundwa. Dawa ikiingia wakati huo, watoto 10 hadi 20 katika kila 100 huweza kuzaliwa na kasoro. Kwa sababu hiyo, madaktari hawazitoi kabla ya wiki ya 14. Baada ya hapo viungo vimekwisha kuumbika, kazi iliyobaki ni kukua, na idadi ya watoto wenye kasoro hushuka hadi karibu 3 katika kila 100, ambayo ni sawa na ya mimba za kawaida. Tena kondo la nyuma huzuia sehemu kubwa ya baadhi ya dawa hizi zisimfikie mtoto.

Mpango wa kawaida ni doksorubisini pamoja na siklofosfamidi, kila baada ya siku 21. Mama wetu anapumzika wiki tatu ili kidonda kipone, kisha anapata dozi ya kwanza wiki ya 23, ya pili wiki ya 26, ya tatu wiki ya 29 na ya nne wiki ya 32. Kipimo hukokotolewa kwa uzito alio nao siku hiyo, mimba ikiwemo. Kumpunguzia kwa huruma ni kumwachia saratani yake. Kabla ya kila dozi hupimwa damu, na skani huangalia kama mtoto anakua na kama maji yanayomzunguka yanatosha. Wengine huzaliwa wadogo kuliko wenzao.

Mbona dozi zisiendelee mpaka siku ya kujifungua? Siku kumi hadi kumi na nne hivi baada ya kila dozi, chembechembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, na zile zinazogandisha damu hushuka sana. Mama akishikwa na uchungu siku hizo, anaweza kuvuja damu bila kukoma au kuingiwa na viini. Mtoto naye huzaliwa damu yake ikiwa imepungua vivyo hivyo, tena akiwa na ini na figo changa zisizoweza kuitoa dawa ambayo kondo la nyuma lilikuwa likimsaidia kuirudisha kwa mama. Basi dozi ya mwisho huachwa angalau wiki tatu kabla ya kuzaa, na kwa kawaida hakuna inayotolewa baada ya wiki ya 35. Kwa mama aliyepata ya mwisho wiki ya 32 na kupangiwa kujifungua wiki ya 37 au 38, nafasi hiyo inatosha.

Katikati ya dozi, dalili moja haingoji siku ya kliniki, nayo ni homa. Kipimajoto kikifika nyuzi 38, hata kama ni saa nane za usiku, mama anapaswa kwenda hospitali na kusema langoni kwamba anatumia dawa za saratani. Kumeza panadol na kulala ni hatari, kwani homa hushuka huku viini vikizidi kuenea katika damu.

Zamani madaktari waliona heri kumtoa mtoto mapema, wiki ya 32 au ya 33, ili wamshughulikie mama kwa uhuru. Mawazo hayo yamebadilika. Mwaka wa 2015, Dkt Frédéric Amant wa Ubelgiji na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto 129 ambao mama zao waliugua saratani wakiwa waja wazito, wengi wao wakiwa wamepata tibakemikali. Walipopimwa wakiwa na karibu miaka miwili, akili na mioyo yao haikuwa na tofauti na ya watoto wa mama wasio wagonjwa. Waliokuwa nyuma kidogo kiakili walikuwa wale waliozaliwa kabla ya wakati, awe mama aliugua au la. Hii ina maana kwamba kumharakisha mtoto nje kunaweza kumgharimu kuliko dawa yenyewe.

Kalenda ingekuwa nyingine kama uvimbe ungeonekana wiki nyingine. Katika wiki ya 8, titi lingeweza kufanyiwa upasuaji na dawa zikangoja hadi wiki ya 14. Katika wiki ya 34, daktari angengoja hadi wiki ya 37, mtoto azaliwe, kisha dawa zianze. Kugumu kabisa ni kwa aliyepatikana na saratani kali ya damu katika wiki za kwanza, ambayo huua katika muda mfupi na haiwezi kusubiri. Hapo ndipo suala la kuikatiza mimba huzungumzwa kwa uwazi, na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 26, inaruhusu hivyo ikiwa mtaalamu wa afya aliyehitimu anaona maisha au afya ya mama imo hatarini.

Kuna matibabu yasiyopewa mja mzito hata akiwa amevuka wiki ya 14. Mionzi ya kuchoma saratani hungoja, kwa kawaida, hadi baada ya kuzaa. Trastuzumabu, ambayo wengi huijua kwa jina la Heseptini, hupunguza maji yanayomzunguka mtoto na kumzuia asikue vizuri. Tamoksifeni huweza kusababisha ulemavu. Mama wetu atapewa anazohitaji baadaye, na kwa kuwa tibakemikali ilikwisha kuanza, kungoja huku hakumwachi bila kinga.

Anajifungua wiki ya 38 kwa njia ya kawaida, jambo ambalo daktari wa saratani hulipenda kwa sababu hakuna kidonda cha tumbo kitakachochelewesha dawa zinazofuata. Kondo la nyuma halitupwi, bali hupelekwa maabara likaangaliwe kama lina seli za saratani, ingawa ugonjwa kumfikia mtoto ni nadra mno. Maziwa ya titi lililobaki hatampa, kwani dawa anazorudia baada ya siku chache hupita ndani yake. Ni vyema aambiwe hivyo mapema, wiki ya 30 hivi, ili suala la maziwa ya mtoto na gharama yake lizungumzwe nyumbani kabla ya uchungu kuanza.