Kutoka Jedwali la Uamuzi hadi Vigezo vya Maandishi: Mfano wa Usahihishaji wa Upatanisho wa Kisarufi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza tatizo linalojitokeza pale jedwali la uamuzi linapogeuzwa kuwa vigezo vya maandishi vya kufuatwa na mtathmini. Jedwali linalohusika ni lile ambalo safu husomwa kuanzia juu, na safu ya kwanza kutimia ndiyo inayotoa jibu. Zilizo chini yake haziangaliwi tena hata kama nazo zingetimia. Wanaisimu wanaufahamu mpangilio wa namna hii. Katika fonolojia ya Chomsky na Halle (1968) baadhi ya kanuni hupangwa hivi kwamba ikitumika moja, zile zinazofuata katika fungu lake haziwezi kutumika. Kiparsky (1973) naye alionyesha kuwa kanuni mahususi huizuia ile ya jumla.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba katika jedwali la aina hii nafasi ya safu ni sehemu ya maana yake. Safu ya tatu haisemi tu kile kilichoandikwa ndani yake. Inasema pia kwamba safu ya kwanza na ya pili hazikutimia. Ukanushi huo haukuandikwa popote. Jedwali linapogeuzwa kuwa aya, ndio unaopotea kwanza.

2.0 Jedwali la Mfano

Tuchukue usahihishaji wa upatanisho wa kisarufi katika insha za Kiswahili sanifu. Kitu kinachotathminiwa ni jozi ya nomino na neno moja linalopatana nayo, wala si nomino peke yake. Katika sentensi "Rafiki yangu amefika" kuna jozi mbili: rafiki na yangu, kisha rafiki na amefika. Uamuzi huu lazima utangulie mengine yote, kwa sababu jozi hizo mbili za nomino moja zinaangukia katika safu mbili tofauti.

| Safu | Sharti | Upatanisho unaotarajiwa |
|---|---|---|
| 1 | Nomino imeundwa kwa ukubwa au udogo | wa umbo hilo: ki-/vi-, li-/ya- |
| 2 | Neno linalopatana ni kimilikishi, na nomino ni ya ujamaa | y- au z- |
| 3 | Nomino inataja mtu au mnyama | wa a-/wa- |
| 4 | Nyinginezo zote | wa ngeli ya nomino yenyewe |

Kwa "nomino ya ujamaa" inakusudiwa nomino inayotaja jamaa au mwenzi ambayo umbo lake la kawaida halina kiambishi m-/wa-, kama vile baba, dada, ndugu na rafiki. Mjomba na mke hazimo, kwani husemwa "mjomba wangu" na "mke wangu".

Jedwali hili linatoa majibu yanayotakiwa: "kitoto kinalia" na "jitu limeingia" kwa safu ya 1, "ndugu zangu" kwa safu ya 2, "kiboko amezama" kwa safu ya 3, na "mti umeanguka" kwa safu ya 4.

3.0 Kinachopotea katika Uandishi

Mwandishi wa mwongozo akizigeuza safu hizo kuwa sentensi nne moja kwa moja, ataandika kwamba nomino za ukubwa na udogo hufuata umbo lao, vimilikishi vya nomino za ujamaa huchukua y- au z-, nomino za watu na wanyama hupatana kwa a-/wa-, na nomino nyingine hufuata ngeli zao. Kila sentensi ni ya kweli kwa kiasi, na hakuna neno lililoachwa. Hata hivyo, mtathmini anayekutana na "kitoto kinalia" anaweza kwa haki kabisa kushika sentensi ya tatu: kitoto ni mtu, basi ilipasa kuwa "analia". Mwingine atashika sentensi ya kwanza na kutoa alama. Wote wawili wameufuata mwongozo, na alama zao zimepingana.

Hatari ya pili inatokea baadaye, mikononi mwa mhariri. Kwa kuwa nomino nyingi za watu na wanyama katika insha huamuliwa na safu ya 3, mhariri huona ni busara kuitanguliza sentensi hiyo. Katika aya ya kawaida badiliko hilo lingekuwa la mtindo tu. Hapa linaifanya "rafiki yangu" kuwa kosa.

4.0 Njia Mbili za Kuhifadhi Maana

Njia ya kwanza ni kuubakiza mpangilio na kuutamka. Vigezo huandikwa kama maswali yenye namba, na kila swali hubeba amri yake: "Je, nomino imeundwa kwa ukubwa au udogo? Ikiwa ndiyo, tarajia upatanisho wa umbo hilo na usisome zaidi. Ikiwa siyo, nenda swali la 2." Haitoshi kuandika mara moja katika utangulizi kwamba vigezo vifuatwe kwa utaratibu. Mtathmini aliyekwisha kuzoea kazi hairudii kurasa za mwanzo. Huruka hadi kigezo anachodhani kinahusika. Amri ya kusimama iwe ndani ya kila swali.

Njia ya pili ni kuuandika ukanushi uliofichika, ili kila kigezo kijitegemee. Tukiita ukubwa au udogo S, kimilikishi M, ujamaa U, na mtu au mnyama H, safu zinakuwa hivi:

```
1:  S
2: ~S & M & U
3: ~S & ~(M & U) & H
4: ~S & ~(M & U) & ~H
```

Mstari wa 4 unaweza kufupishwa. Kila nomino ya ujamaa inataja mtu; kwa hiyo isiyotaja mtu wala mnyama haiwezi kuwa ya ujamaa, na kinachobaki ni ~S & ~H. Mstari wa 3 haufupishwi hivyo, nao ndio unaowakosesha waandishi wengi. Maana ya ~(M & U) ni kwamba mambo hayo mawili hayakukutana. Mwandishi akiandika "ikiwa neno si kimilikishi wala nomino si ya ujamaa", neno wala limekanusha yote mawili, na kigezo kimekuwa chembamba kuliko safu. "Rafiki amefika" itakosa kigezo kwa kuwa rafiki ni nomino ya ujamaa. "Mbwa wangu" itakosa kwa kuwa wangu ni kimilikishi. Dalili ya kosa hili ni jozi za kawaida kabisa kubaki bila kigezo. Maneno salama ni haya: "isipokuwa pale ambapo neno ni kimilikishi na papo hapo nomino ni ya ujamaa".

Ukanushi ukishaandikwa, jambo lisilowezekana katika jedwali linawezekana. Safu ya 1 na ya 4 zina jibu moja, yaani umbo la nomino lenyewe ndilo linaloongoza. Katika jedwali haziwezi kuunganishwa, kwa sababu ya 1 lazima itangulie ya 3 na ya 4 lazima iifuate. Katika maandishi yanayojitegemea vigezo vinabaki vitatu:

(a) Kimilikishi cha nomino ya ujamaa isiyoundwa kwa ukubwa wala udogo huchukua y- au z-.

(b) Nomino ya mtu au mnyama isiyoundwa kwa ukubwa wala udogo hupatana kwa a-/wa- na kila neno, isipokuwa kimilikishi kilichotajwa katika (a).

(c) Nomino iliyoundwa kwa ukubwa au udogo, na kila nomino isiyotaja mtu wala mnyama, hupatana kwa umbo lake.

Vigezo hivi vinaweza kupangwa kwa utaratibu wowote bila kubadili jibu. Gharama yake huonekana jedwali linapokua. Wako wazungumzaji wengi wasemao "mbwa zangu" katika wingi. Wenye jedwali wakiamua kulikubali umbo hilo, kwa njia ya kwanza wataingiza swali moja mahali pake, ilhali kwa njia ya pili itabidi kigezo (b) kiandikwe upya. Kwa safu chache zilizotulia njia ya pili inafaa zaidi. Kwa jedwali refu au linalorekebishwa mara kwa mara, ni afadhali ya kwanza.

5.0 Maneno ya Sharti na Swali Lisilojibika

Uaminifu unategemea pia sharti lenyewe kueleweka kwa namna moja. "Kiumbe hai" badala ya "mtu au mnyama" kungeiingiza miti katika safu ya 3. Vivyo hivyo, mtathmini akiamini kuwa kila nomino ya mtu au mnyama yenye ki- ni ya udogo, ataikosoa "kijana amefika", na akiamini kuwa kila yenye j- ni ya ukubwa, ataikosoa "jogoo anawika". Sharti liandikwe pamoja na kipimo: nomino imeundwa kwa ukubwa au udogo ikiwa lipo umbo la kawaida la nomino hiyo hiyo lililogeuzwa, kama mtoto kwa kitoto na nyoka kwa joka.

Hata hivyo, patakuwa na nomino zisizojibika. Zimwi ni mfano mzuri: katika methali "Zimwi likujualo halikuli likakwisha" upatanisho ni wa li-, lakini umbo la kawaida lililokuzwa halionekani kwa urahisi, na kama zimwi ni mtu au mnyama ni suala la mjadala. Mtathmini asiyejua ajibu nini hushuka hadi safu inayofuata, bila kutambua kwamba kushuka huko ni sawa na kujibu "siyo". Kwa hiyo vigezo viseme wazi: swali likishindikana, jozi iwekewe alama na kupelekwa kwa msahihishaji mkuu, isishushwe.

6.0 Kuhakiki Uaminifu

Masharti manne yana michanganyiko 16. Minne haiwezekani, yaani ile ambamo nomino ni ya ujamaa lakini haitaji mtu. Inabaki 12: sita huamuliwa na safu ya 1, mmoja na ya 2, mitatu na ya 3, na miwili na ya 4. Kila mchanganyiko utungiwe angalau jozi moja, ukiwemo ule adimu ambamo safu tatu zingetimia kwa pamoja, kama "kijidada changu". Jozi hizo wapewe watathmini wawili wasiowahi kuliona jedwali, kisha majibu yao yalinganishwe nalo.

Sampuli ya insha halisi haiwezi kuchukua nafasi ya jaribio hili. Katika insha jozi nyingi huangukia mahali ambapo safu hazigongani, na mwongozo ulioharibika utaonekana kuafikiana na jedwali kwa kiwango cha juu. Makosa yamejificha katika jozi chache ambazo safu mbili zinazigombea.

7.0 Hitimisho

Jaribio hilo halipimi kama jedwali lenyewe ni sahihi. Mtathmini anayeikubali "mbwa zangu" kinyume cha safu ya 3 anaweza kuwa na hoja nzuri ya kiisimu, lakini akiifuata kimyakimya anaunda jedwali jingine ambalo mtahiniwa wa chumba cha pili hakupimwa nalo. Hoja hiyo mahali pake ni kwa wenye jedwali. Kazi ya vigezo vya maandishi ni kuhakikisha kwamba, hadi watakapolibadili, jozi moja inapata jibu moja hata ikisomwa na nani.